Asilimia 99 Inapokuwa Habari Mbaya

Msikilizaji, chukua mama aliyepikia kuni tangu usichana wake, moshi ukamharibu mapafu. Leo kafikishwa hospitali akihema, kipimo cha kidoleni kinasoma 82. Anavishwa barakoa, oksijeni inafunguliwa lita 10 kwa dakika. Baada ya nusu saa kipimo kinasoma 99. Ndugu wanashukuru kwamba mama ametulia, amelala. Mimi usingizi huo unanitisha.

Kwa kawaida kinachotusukuma kupumua ni kabonidioksaidi. Ikipanda kidogo tu, ubongo unatuhimiza tuitoe. Kwa mama huyu imekaa juu miaka mingi. Figo zake zimelimbikiza bikaboneti kupunguza makali ya asidi, na ubongo umeacha kushtuka. Sasa anategemea zaidi vihisio vya shingoni, ambavyo hushtuka oksijeni inapopungua. Ukimjaza oksijeni, vinatulia, na pumzi inapungua.

Lakini kupungua huko pekee hakutoshi kueleza kabonidioksaidi inavyopanda. Kuna jambo ndani ya mapafu ambalo mara nyingi ndilo zito zaidi. Penye hewa haba, mishipa ya damu hujibana ili damu ipite penye hewa ya kutosha. Oksijeni nyingi huilegeza. Damu inarudi kupita kwenye sehemu mbovu, inatoka na kabonidioksaidi yake ileile. Tena himoglobini ikishajaa oksijeni, huiachia kabonidioksaidi iliyokuwa imeibeba. Mwenye mapafu mazima angehema zaidi akaitoa yote. Mama huyu hawezi.

Kipimo cha kidoleni hakioni hayo, kinasoma oksijeni tu. Kwa hiyo mtazame mgonjwa mwenyewe. Mikono ina joto, kichwa kinamuuma, akiinyoosha mikono viganja vinapigapiga, ukimwita anaitikia kwa uzito. Uhakika hupatikana kwa kupima damu ya ateri.

Huko Tasmania, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 405 waliobebwa na gari la wagonjwa wakidhaniwa kuzidiwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopewa oksijeni nyingi, walikufa 9 katika kila 100. Waliopimiwa ili wabaki kati ya 88 na 92, walikufa 4. Oksijeni ilikuwa ileile, tofauti ilikuwa kiasi.

Basi kwa mama wa 82, oksijeni ni lazima, maana kumnyima nako kunaua. Aanze na lita 1 au 2 kwa mirija ya puani, au barakoa ya venturi ya asilimia 24 au 28, na kipimo kikifika 88 hadi 92, hapo panamtosha.

Na ukimkuta ameshasinzia kwenye 99, usiivue barakoa ghafla. Kabonidioksaidi iliyolundikana imechukua nafasi mapafuni, na oksijeni yake inaweza kuporomoka chini ya ile 82 aliyokuja nayo. Punguza hatua kwa hatua ukiangalia kipimo, na umwite daktari mapema, kwani huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua.