Somo la Redio kwa Watu Wazima: Dawa Inaposhindwa na Vijidudu

Leo nasema na wakulima wa Kinyala na sehemu zote za Rungwe. Habari yetu ni ya dawa ambayo zamani ilikuwa ikiponya, na sasa haiponyi tena.

Watu wengi husema, "Mwili wa fulani umezoea dawa." Tuanze kwa kusahihisha neno hilo. Mwili hauzoei dawa hizi. Kinachobadilika ni jamii ya vijidudu vilivyomo mwilini. Wale dhaifu wamekufa, na waliobaki ni wale ambao dawa haiwadhuru. Ndiyo maana twasema vijidudu vimekuwa sugu. Mwenye mwili huo anaweza kuwaambukiza wenzake ambao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa ile, na kwao pia dawa itashindwa tangu siku ya kwanza.

Tuchukue ugonjwa mmoja tuufuate mpaka mwisho, nao ni kifua kikuu. Huanza kwa kukohoa wiki mbili au zaidi, kutoka jasho usiku, na kukonda. Vijidudu vyake hula pafu mpaka likafanya pango. Ndani ya pango moja huweza kuwamo vijidudu kama milioni 100.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Vijidudu huzaana kwa kugawanyika, na mara chache mmoja huzaliwa na kasoro inayomkinga na dawa fulani. Kwa dawa iitwayo isoniazidi, kijidudu cha namna hiyo hupatikana kama mmoja katika milioni 1. Basi katika pango letu wamo kama 100, hata kabla mgonjwa hajaonja dawa. Kwa dawa iitwayo rifampisini, ni kama mmoja katika milioni 100. Lakini kijidudu kinachozishinda dawa zote mbili kwa pamoja ni adimu mno, hata katika mapango elfu mengi huenda asipatikane.

Hiyo ndiyo sababu ya kumpa mgonjwa dawa kadhaa kwa mpigo. Kijidudu kinachoponyoka isoniazidi huuawa na rifampisini, na kinachoponyoka rifampisini huuawa na isoniazidi. Mgonjwa wa kawaida hutumia dawa nne kwa miezi 2: hizo mbili, pamoja na pirazinamidi na ethambutoli. Kisha huendelea na rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Jumla ni miezi 6.

Kwa nini muda mrefu hivyo, na hali mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache? Kwa sababu vijidudu vyote havifanani. Vinavyozaana upesi ndivyo vinavyoleta kikohozi na homa, navyo hufa kwanza. Wengine wamelala, hawazaani, na dawa haiwapati mpaka waamke. Hivyo nafuu ni habari ya wale wa kwanza tu. Jambo hili lilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa nchi zetu walitibiwa kwa majaribio, na taarifa ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba miezi 6 ya dawa zenye rifampisini inaweza kufanya kazi ya miezi 18 ya matibabu ya zamani. Baadaye walijaribu kupunguza mpaka miezi 4 kwa dawa za wakati ule, na ugonjwa ukawarudia watu wengi zaidi.

Tumfikirie sasa mkulima mmoja, wa mfano tu. Ameanza dawa mwezi Machi. Mwezi Mei kikohozi kimekoma, uzito umerudi, na chai inangoja kuchumwa. Anaviweka vidonge vilivyobaki juu ya dari. Mwezi Julai kikohozi kinarudi, anameza kwa wiki moja, anapata nafuu, anaacha. Mwezi Septemba anafanya vile vile.

Kuacha mara moja, kwa kawaida, huleta ugonjwa kurudi. Kuacha na kuanza, kuacha na kuanza, ndiko kunakokuza usugu. Tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme kila mara anapomeza kwa muda mfupi, dawa inaua vijidudu 99 katika kila 100 vya kawaida, lakini inaua nusu tu ya vile visivyoiogopa isoniazidi. Mwanzoni sugu walikuwa mmoja katika milioni 1. Baada ya mara ya kwanza ni mmoja katika 20,000. Anaacha, na wote waliobaki wanazaana tena mpaka pango linajaa. Baada ya mara ya pili ni mmoja katika 400. Baada ya mara ya tatu ni kama mmoja katika 9. Ni kama mtu anayepalilia shamba la viazi akang'oa majani laini tu na kuyaacha yenye mizizi mirefu. Baada ya misimu michache shamba lote ni la hayo.

Na hayaishii hapo. Pango likishajaa vijidudu milioni 100 visivyouawa na isoniazidi, miongoni mwao atatokea mmoja asiyeuawa na rifampisini pia. Sasa dawa zetu mbili kubwa zimeshindwa, na akikohoa katika nyumba iliyofungwa madirisha, wanaovuta hewa ile ni watoto wake.

Hali hiyo hutambulikaje? Ikiwa mgonjwa anameza dawa sawasawa lakini makohozi yake bado yana vijidudu baada ya miezi kadhaa, shaka huanza. Iko mashine iitwayo JinEksipati ambayo hupima makohozi na kueleza, katika muda wa saa 2 hivi, kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini. Hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu mwaka 2009. Matibabu ya miaka ile yalichukua karibu miaka 2, pamoja na sindano zilizowaharibu wengine masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa mpya za miezi 6 kwa wengi wao. Dawa hizo nazo zinaweza kushindwa kwa njia ile ile.

Basi ukisahau siku moja, endelea kesho kama kawaida, usimeze mara mbili, na umwambie mhudumu. Mkojo kuwa mwekundu ni rangi ya rifampisini tu. Lakini macho yakiwa ya manjano, au macho hayaoni vizuri, nenda zahanati siku hiyo hiyo, wao ndio watakaoamua kuhusu dawa. Ukisafiri, chukua dawa zako na kadi yako.

Msichukue miezi 6 hii kuwa sheria ya kila dawa ya vijidudu. Magonjwa mengine hutibiwa kwa siku 3 au 5 tu, na kuzidisha siku bila sababu, au kumeza kwa mafua ambayo dawa hizi haziyaponyi, nako hukuza usugu. Idadi ya siku ni ile uliyoandikiwa.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini mgonjwa hupewa dawa kadhaa pamoja?
2. Nafuu ya mwezi wa pili inatuambia nini, na haituambii nini?
3. Katika kijiji chenu, ni jambo gani humfanya mgonjwa akatishe dawa, na jirani anaweza kumsaidiaje?