Kodi Inapokua, Nani Kaikuza? Mwitikio wa Kodi na Uwiano Wake kwa Pato la Taifa

Mwaka 1993 mchumi wa Tanzania, Nehemiah Osoro, alichapisha utafiti kuhusu mapato ya kodi nchini kati ya 1979 na 1989. Alitoa namba mbili zinazotofautiana kidogo tu kwa macho: 1.06 na 0.76. Zote mbili zinapima kodi hiyohiyo, katika nchi hiyohiyo na miaka hiyohiyo. Ya kwanza inaonyesha kuwa kodi ilikua kwa kasi kuliko uchumi. Ya pili inaonyesha kuwa mfumo wa kodi wenyewe ulikuwa ukibaki nyuma ya uchumi mwaka hadi mwaka. Mada hii inahusu nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kusema kwa haki kama nchi inakusanya vizuri au inaongeza tu viwango.

Nianze na kipimo kinachotajwa zaidi, yaani uwiano wa kodi kwa Pato la Taifa. Unachukua kodi yote ya mwaka, unaigawa kwa Pato la Taifa la mwaka huohuo kwa bei za mwaka husika, unapata asilimia. Kipimo hiki ni picha ya mahali nchi ilipo. Hakisemi imefikaje hapo, wala inaelekea wapi.

Mwitikio wa kodi unajibu swali la mwelekeo. Ni asilimia ya ongezeko la kodi ukiigawa kwa asilimia ya ongezeko la Pato la Taifa. Pato likikua kwa asilimia 10 na kodi ikakua kwa asilimia 12, mwitikio ni 1.2. Vipimo hivi viwili vimefungamana: mwitikio ukizidi 1, uwiano unapanda, ukipungua chini ya 1, uwiano unashuka, ukiwa 1 kamili, uwiano unabaki ulipo. Angalizo moja la lazima ni kwamba pande zote mbili ziwe kwa bei za mwaka husika. Nimesoma taarifa zinazolinganisha ukuaji wa makusanyo, ambao ndani yake una mfumuko wa bei, na ukuaji halisi wa uchumi, ambao mfumuko umeshaondolewa. Ukifanya hivyo, karibu kila serikali itaonekana hodari.

Sasa turudi kwa Osoro. Ile 1.06 ni mwitikio: inahesabu kila shilingi iliyoingia, iwe imetokana na uchumi kukua au na Bunge kupandisha kiwango. Ile 0.76 ni mnyumbuko wa kodi, yaani ongezeko ambalo lingepatikana kama sheria zingebaki zilivyokuwa mwanzoni. Maana yake ni kwamba kila Pato la Taifa lilipokua kwa asilimia 10, sheria zilizokuwapo ziliweza kuleta asilimia 7.6 tu. Kwa kuwa makusanyo yote yalikua kwa asilimia 10.6, zile asilimia 3 nyingine zilitokana na hatua mpya za kila bajeti.

Tuone matokeo yake kwa muda mrefu, kwa hesabu ya mfano tu. Nchi inaanza na uwiano wa asilimia 15, na Pato lake linakua kwa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka kumi. Kwa mwitikio wa 1.06, uwiano utafika karibu asilimia 15.8. Kwa mnyumbuko wa 0.76, bila hatua mpya, utaporomoka hadi asilimia 12. Kwa hiyo serikali ya namna hiyo inapandisha viwango na kubuni tozo kila Juni ili tu isirudi nyuma. Mlipakodi anaona mzigo unaongezeka, hazina haioni nafuu, na kila mmoja anadhani mwenzake anamdanganya.

Osoro alihitimisha kuwa chanzo kilikuwa misamaha mingi ya kodi pamoja na udhaifu wa usimamizi. Kwa maoni yangu ipo sababu nyingine ambayo mara nyingi tunaipita haraka, nayo ni kodi zinazotozwa kwa kipimo badala ya thamani. Ushuru ukiwekwa kuwa shilingi kadhaa kwa lita ya mafuta au ya bia, bei ikipanda mara mbili ushuru unabaki palepale. Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika linavimba, ushuru haujui. Katika nchi yenye mfumuko mkubwa, kama Tanzania ya miaka ya 1980, kodi ya aina hii inayeyuka isipokuwa Bunge liiguse tena. Kenya ilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria yake ya ushuru wa bidhaa ya 2015, iliyoruhusu viwango hivyo kurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaufuta utaratibu huo. Kuanzia hapo, kila marekebisho ni lazima yarudi bungeni, na yakipita yatahesabiwa kwenye mwitikio lakini si kwenye mnyumbuko.

Mtu atauliza: tunatenganishaje shilingi iliyoletwa na uchumi na shilingi iliyoletwa na sheria mpya? Njia aliyoitumia Osoro ndiyo ile ya Mwingereza A. R. Prest ya 1962, na haihitaji kompyuta kubwa. Tuseme mwaka wa kwanza makusanyo ni bilioni 100. Mwaka wa pili ni 115, na kati ya hizo bilioni 5 zimetokana na hatua mpya za bajeti. Ukiziondoa unabaki na 110. Mwaka wa tatu makusanyo ni 130, na hatua mpya za mwaka huo zimeleta 3, hivyo zinabaki 127. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuishia kwenye 127. Hatua za mwaka wa pili bado zinaendelea kuleta fedha mwaka wa tatu, nazo zimo humo ndani. Kwa hiyo unapima 127 dhidi ya 115, yaani makusanyo halisi ya mwaka uliotangulia, unapata ukuaji wa asilimia 10.4, kisha unaukuza kwa kasi hiyo ule msingi uliosafishwa wa 110. Unapata karibu 121.5. Kama Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 12 kila mwaka, yaani asilimia 25.4 kwa miaka miwili, mwitikio ni 30 kwa 25.4, karibu 1.18. Mnyumbuko ni 21.5 kwa 25.4, karibu 0.84. Mamlaka ya mapato ingeweza kutangaza namba ya kwanza kwa fahari, na isingekuwa imesema uongo. Lakini ya pili ndiyo inayotuambia kitakachotokea mwaka ambao Bunge halitapandisha chochote.

Mwitikio wa mwaka mmoja peke yake usitumike kumsifu wala kumlaumu mtu. Kenya ni mfano mzuri. Aprili 2020, katika janga la korona, ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, ikashusha pia kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25. Januari 2021 viwango hivyo vikarudishwa. Mwitikio wowote wa kipindi cha kushuka utaonekana dhaifu na wa kipindi cha kurudi utaonekana wa ajabu, hata kama hakuna mkaguzi aliyebadili namna yake ya kufanya kazi. Tena uchumi unapokaribia kusimama, unagawa kwa namba ndogo mno, na jibu linaruka hovyo. Ndiyo maana watafiti huchukua mfululizo wa miaka kumi au zaidi na kukadiria mwitikio mmoja wa kipindi chote.

Kuna tatizo jingine, na hili linagusa vipimo vyote viwili: Pato la Taifa lenyewe hubadilika kwenye karatasi. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 kwenda 2009. Pato la mwaka 2013 likatoka takriban shilingi trilioni 3.8 hadi 4.76, ongezeko la robo, bila hata duka moja jipya kufunguliwa. Uwiano uliokuwa asilimia 20 kwa hesabu za kale ungesomeka asilimia 16 kwa hesabu mpya. Tanzania nayo ilihamia mwaka wa kizio 2007 mwishoni mwa 2014, na Pato lake likakua kwa zaidi ya robo. Lakini Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, ilikuwa imeshaweka lengo la uwiano wa asilimia 25. Lengo liliandikwa kwa kutazama uchumi mdogo, na mwaka mmoja baadaye likasogea mbali bila mtu kulijadili. Anayekokotoa mwitikio kwa kuunganisha takwimu za kizio cha zamani na kipya atapata mporomoko ambao haukutokea. Ofisi za takwimu hurudi nyuma na kutoa mfululizo uliorekebishwa. Huo ndio utumike.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kushuka huko kwa uwiano ni kwa makaratasi tu. Uchumi mpya unaoonekana baada ya kubadili kizio ulikuwapo siku zote, na sehemu yake kubwa ni ngumu kutozwa kodi: mazao yanayoliwa nyumbani, kodi ya pango ambayo mtu anayeishi katika nyumba yake anahesabiwa kana kwamba anajilipa, biashara ndogo zisizo na vitabu. Uwiano mdogo baada ya 2014 ulikuwa ndio ukweli, na ule mkubwa wa awali ulikuwa wa kujifariji.

Upande wa juu wa mgawanyo nao una mitego yake. Marejesho ya Kodi ya Ongezeko la Thamani yakicheleweshwa, makusanyo yanaonekana makubwa kwa fedha ambazo kisheria ni za muuzaji nje au mwenye kiwanda. Dalili yake ni madeni ya marejesho kupanda katika miezi ileile ambayo rekodi za makusanyo zinatangazwa. Vilevile, kwa Tanzania, makusanyo ya Desemba huwa makubwa kwa sababu awamu ya kodi ya mapato hulipwa mwezi huo, kwa hiyo yasilinganishwe na ya Novemba. Na kabla ya kugawa, tuhakikishe juu na chini panahusu eneo moja: Mamlaka ya Mapato Tanzania hukusanya kodi ya mapato na ushuru wa forodha hadi Zanzibar, ilhali Pato la Taifa tunalolitumia mara nyingi ni la Tanzania Bara.

Pendekezo langu kwa semina hii ni moja. Hotuba ya bajeti ya Tanzania husomwa ikiwa na makadirio ya shilingi ambazo hatua za kodi zinatarajiwa kuongeza au kupunguza. Hizo ndizo takwimu ambazo njia ya Prest inazihitaji, isipokuwa ni za matarajio. Wizara ya Fedha ichapishe, mwaka mmoja baada ya kila Sheria ya Fedha, jedwali la kilichopatikana kwa kila hatua kikiwa kando ya kilichotarajiwa, pamoja na deni la marejesho la siku ya mwisho ya Juni. Tukiwa na majedwali hayo ya miaka kumi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataweza kurudia hesabu ya Osoro kwa Tanzania ya leo.