Maswali ya Wenye Hisa, na Jinsi ya Kuwapelekea Wenzetu Majibu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Wengi wetu tuna hisa kidogo katika kampuni fulani fulani, mmoja mia mbili, mwingine elfu moja. Lakini mkutano wa mwaka wa wenye hisa hufanywa siku ya kazi, na treni haiwezi kungoja mtu amalize kuuliza swali. Kwa hiyo wengi wetu hatuhudhurii.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Mahakama Kuu ya Kenya iliziruhusu kampuni zilizo katika soko la hisa kufanya mikutano hiyo kwa mtandao, na mwaka 2021 sheria ya makampuni ikabadilishwa ili kukubali jambo hilo. Tangu hapo mikutano mingi hunaswa sauti na picha, na mtu aliyekuwa zamuni aweza kusikiliza baadaye. Shida ni kwamba mkutano huchukua saa mbili au zaidi, tena kwa Kiingereza cha mahesabu. Ndiyo sababu sisi watatu tuliombwa tusikilize mkutano mmoja na kuwaandikia wenzetu ukurasa mmoja tu. Leo twaeleza tulivyoifanya kazi hiyo, ili matawi mengine nayo yaweze kuifanya.

Kwanza, ilikuwako sababu ya haraka. Baada ya mkutano zilienea habari mbili katika karakana. Wengine walisema kampuni imeahidi kulipa mgawo wa faida kabla ya mwisho wa mwaka. Wengine walisema imekataa kabisa, na wawili kati yao walikuwa tayari kuuza hisa zao kwa bei ya chini. Tuliposikiliza tuliona kwamba hakuna habari hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kweli.

Tulianza hivi. Tulisikiliza sehemu ya maswali mara ya kwanza bila kuandika jibu lo lote. Tuliandika maswali tu, kila moja kwa nambari yake, pamoja na saa na dakika inayoonekana kwenye rekodi. Tulipata maswali 23. Kazi hii yataka subira, lakini ndiyo inayolinda yote yanayofuata. Mwenyekiti wa mkutano hupenda kupokea maswali matatu kwa pamoja, kisha mkurugenzi mmoja hujibu yote kwa mara moja. Msikilizaji asiye na orodha huona kwamba yamejibiwa yote. Mwenye orodha hutia alama kando ya kila swali lililojibiwa, na mwishoni huona lipi halina alama.

Mara ya pili tulisikiliza majibu. Kisha tuliyakusanya maswali kwa mambo, wala si kwa jinsi yalivyofuatana, maana watu huuliza jambo lile lile mwanzoni, katikati na mwisho. Maswali 23 yakawa mambo matano: mgawo wa faida, maswali 9, madeni ya benki, 5, mishahara ya wakurugenzi, 3, viwanja vya kampuni, 2, na shida za daftari la wenye hisa, kama anwani na hundi zilizopotea, 4. Hesabu hiyo tuliiandika mbele ya kila jambo, ili aliyekosa mkutano ajue ni lipi lililowauma watu zaidi.

Chini ya kila jambo tuliweka mistari mitatu: Kilichoulizwa, Kilichojibiwa, na nani, Ambacho hakikujibiwa. Mstari wa tatu ndio wenye thamani kubwa. Tazameni jambo la kwanza tulivyoliandika:

"Mgawo wa faida. Kilichoulizwa: Ikiwa hesabu zaonyesha faida ya shilingi milioni 300, mbona hatulipwi? Tutalipwa lini? Kilichojibiwa (mkuu wa fedha, saa 1 dakika 22): Katika faida hiyo, milioni 240 ni thamani ya viwanja iliyopandishwa na wathamini, si fedha zilizoingia. Milioni 60 zilizobaki zimelipia deni la benki. Wakurugenzi watalifikiria jambo la mgawo deni litakapopungua. Ambacho hakikujibiwa: Mwaka gani, na deni lipungue hadi kiasi gani."

Hapo ndugu zetu waliona mara moja. Kiwanja kikipanda bei, faida huandikwa vitabuni ijapokuwa hakuna aliyelipa hata senti. Faida ya namna hiyo haiwezi kugawiwa mifukoni mpaka kiwanja kiuzwe. Tena waliona kwamba hakuna ahadi iliyotolewa, wala hakuna aliyekataa. Kama mgawo ungalitangazwa, tungaliandika mambo matatu: senti ngapi kwa kila hisa, siku ya kufunga daftari la wenye hisa, na siku ya malipo. Mtu aliyeuza hisa, na jina lake likawa halimo tena daftarini siku linapofungwa, huukosa mgawo huo.

Jambo la kuangalia sana ni vitenzi. Mkurugenzi anaposema "tutalipa," hiyo ni ahadi. Anaposema "tunatazamia kulipa," hayo ni matumaini. Anaposema "tutalifikiria," hajaahidi hata kulifanya. Katika kuyatoa maneno kwenye Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili ni rahisi sana yote matatu yakageuka kuwa "tutalipa," kwa kuwa ndilo tulilotaka kusikia. Sisi tulifanya kanuni: mmoja atafsiri, wa pili asikilize tena rekodi huku akisoma tafsiri, na wa tatu aamue wakitofautiana.

Kuhusu mishahara ya wakurugenzi, jibu lilikuwa kwamba habari zote zimo katika taarifa ya mwaka. Jibu la namna hiyo halijibu kitu kwa mtu asiye na kitabu. Tulikifungua kitabu, tukaandika kiasi na ukurasa, lakini tukasema wazi: "Hili tumelitoa kitabuni, halikusemwa mkutanoni." Usichanganye maneno ya mtu na maneno uliyoyatafuta mwenyewe.

Mahali sauti ilipokatika tuliandika "haisikiki" pamoja na dakika yake, wala hatukubahatisha. Majina ya waliouliza hatukuyataja. Mwenye hisa atosha. Lakini aliyejibu tulimtaja kwa cheo, kwa maana neno la mwenyekiti na neno la mkuu wa fedha halina uzito sawa katika mambo ya hesabu.

Tena, kampuni nyingi hupokea maswali kwa maandishi kabla ya mkutano, na huyachapisha pamoja na majibu katika mtandao wao. Linganisheni orodha hiyo na rekodi. Mara nyingine swali lililoandikwa kwa ukali husomwa mkutanoni likiwa limelainishwa, na jibu hufuata lile lililolainishwa. Hapo andikeni maswali yote mawili.

Mwisho, ukurasa wetu si kumbukumbu rasmi za mkutano. Hizo hutiwa sahihi na mwenyekiti wa kampuni. Ndiyo maana kila jibu tuliliwekea saa na dakika: asiyetuamini aende mwenyewe akasikilize.

Wale wawili waliotaka kuuza hisa walisoma ukurasa. Mmoja aliuza, kwa kuwa alihitaji karo ya watoto. Mwingine alingoja, na ameandika swali la mkutano ujao: "Deni lipungue hadi shilingi ngapi?" Kila mmoja aliamua kwa habari za kweli.