Siku 60 kabla ya hatimiliki ya kwanza

Wengi hudhani mgogoro wa ardhi huanzia mahakamani. Kwa ardhi isiyowahi kusajiliwa nchini Kenya, huanzia shambani, na Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968 ndiyo inayoongoza.

Eneo likishatangazwa kuwa la uamuzi wa ardhi, kila mdai hufika kuonyesha mipaka yake mbele ya maofisa. Wawili wakigombea kipande kimoja, kamati ya wenyeji wasiopungua 10 husikiliza: nani alilima, nani alirithi, mipaka inajulikanaje.

Chukua mfano wa kaka aliyebaki nyumbani na mdogo wake anayefanya kazi mjini. Kaka akiandikisha shamba lote la marehemu baba kwa jina lake, na mdogo hakuweka wakili wa kumsemea wala hakufika, daftari la uamuzi wa ardhi litamtaja kaka pekee. Daftari likikamilika, hutolewa ilani, na mdogo ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa ofisa wa uamuzi wa ardhi. Akishindwa, ana siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa waziri, ambaye uamuzi wake ndio wa mwisho. Wakati huo wote, hawezi kufungua kesi ya shamba hilo bila idhini ya ofisa huyo.

Kwa hiyo, kama kwenu uamuzi wa ardhi umetangazwa, nenda ukalikague daftari mwenyewe. Angalia jina, namba ya kipande na mipaka, kisha andika pingamizi lako kabla siku hazijaisha.