Deni Lililofutwa Vitabuni: Je, Bado Unadaiwa?

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wakopaji ni hili: “Benki imefuta deni langu, mbona bado ninadaiwa?” Mkanganyiko huu unatokana na neno lenyewe. Tusemapo kwamba deni limefutwa, masikio husikia kwamba deni limesamehewa. Kwa mhasibu wa benki, hata hivyo, hayo ni mambo mawili tofauti.

Mkopo ukikaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa, huhesabiwa kuwa mkopo chechefu. Ukizidi siku 360, huwekwa katika daraja la hasara. Benki haiwezi kuendelea kuuhesabu kama mali yake ilhali haitarajii kuupata. Hivyo huuondoa katika vitabu vyake. Hatua hiyo ni ya kihesabu, baina ya benki na vitabu vyake. Mkataba uliotia sahihi haukuguswa, na haki ya kudai ingali hai. Deni husamehewa pale tu mkopeshaji anapokubali kuliachilia, na ithibati yake ni barua inayosema hivyo waziwazi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mjini Nakuru. Alikopa shilingi 60,000 katika benki, akalipa kwa muda, kisha akakwama mwezi Machi 2022, mkopo wenyewe ukiwa umebaki shilingi 40,000. Benki ikalifuta deni vitabuni mwishoni mwa 2023. Mwaka 2025 akapigiwa simu na wakala wa kukusanya madeni, akidaiwa shilingi 112,000.

Fundi huyu bado anadaiwa, lakini si lazima iwe kiasi hicho. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya huweka kikomo: riba haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichobaki siku mkopo ulipokuwa chechefu. Kwake yeye, ni shilingi 40,000 za mkopo na riba isiyozidi 40,000 nyingine, jumla 80,000. Juu ya hapo benki inaweza kudai gharama ilizotumia kufuatilia deni. Basi ana haki ya kuuliza: hizi 32,000 zilizozidi ni gharama zipi? Adai mchanganuo kwa maandishi kutoka kwa benki yenyewe kabla ya kutoa hata senti moja.

Tahadhari hiyo ina sababu nyingine. Kwa deni la mkataba wa kawaida, sheria humpa mdai miaka 6 ya kufungua kesi, ikihesabiwa tangu mkopaji alipokosa kulipa. Malipo kidogo, hata shilingi 500 za kumnyamazisha wakala, huanzisha hesabu hiyo upya. Vilevile barua yenye sahihi yako inayokiri deni. Hatusemi hivi ili watu wakwepe madeni yao. Tunasema ili anayelipa alipe kwa mpango, akijua analolifanya. Tena, kupita kwa miaka hiyo humzuia mdai kwenda mahakamani tu. Hakufuti taarifa zilizo katika kumbukumbu zako.

Kumbukumbu hizo hutunzwa na mashirika ya taarifa za mikopo, yajulikanayo kama CRB. Ukipata ripoti yako, ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, tazama hali ya akaunti. Ikisomeka Write-Off na salio lingalipo, mkopeshaji mwingine ataelewa kwamba ulikopa, hukulipa, na bado unadaiwa. Ukimaliza kulipa, yapasa isomeke Settled na salio liwe sufuri. Historia ya kuchelewa haitoweki siku hiyo: hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Kadiri unavyochelewa kulipa, ndivyo hesabu hiyo inavyochelewa kuanza.

Fundi wetu akikubaliana na benki kulipa, tuseme, shilingi 55,000, mapatano hayo yaandikwe kabla ya malipo, yakitaja kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Pasipo maneno hayo, fedha zake zitahesabiwa kuwa sehemu ya malipo, na salio litaendelea kudaiwa. Alipe katika akaunti ya benki, si katika simu ya wakala. Kisha adai barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki chache aichukue tena ripoti yake. Ikiwa bado inaonyesha salio, apeleke pingamizi kwa CRB pamoja na nakala ya barua hiyo.

Basi mtu akikuambia deni lako limefutwa, muulize: limefutwa vitabuni, au limesamehewa? Na jibu lake aliandike.