Gharama na Faida ya Matangazo Katika Taarifa ya Mwezi
(Hotuba ya mkaguzi kwa makatibu meneja wa vyama vya msingi, Puge)



Vyama vyetu hutumia fedha kuwatangazia wanunuzi mazao yetu. Katika ukaguzi huulizwa swali moja: fedha hizo zimerudi na faida kiasi gani? Idadi ya watu waliosoma tangazo hailijibu swali hilo, kwani msomaji si mnunuzi.

Natuchukue mfano wa kubuni. Chama kinauza mchele, nacho hukata ushuru wa shilingi 30 kwa kila kilo. Mwezi wa Juni kilitumia shilingi 80,000 kwa uchapaji na usambazaji wa matangazo. Katibu alishughulika nayo siku nne, ambazo kwa shilingi 10,000 kwa siku ni shilingi 40,000. Gharama halisi basi ni shilingi 120,000. Mshahara wa katibu hulipwa kila mwezi, lakini siku zile angeweza kuzitumia kwa kazi nyingine. Kuziacha nje ni kujidanganya.

Wanunuzi waliosema wameletwa na tangazo walichukua kilo 8,000. Katibu asiandike thamani ya mchele wote kuwa ni pato la tangazo, maana fedha hizo ni za wakulima. Pato la chama ni ushuru tu, yaani shilingi 240,000. Tena daftari likaonyesha kwamba kilo 3,000 kati ya hizo zilinunuliwa na wateja wa zamani, ambao wangekuja hata bila tangazo. Tukiziondoa, zabaki kilo 5,000 na ushuru wa shilingi 150,000. Toa gharama, faida ni shilingi 30,000. Igawanye kwa gharama, yaani 120,000: ni asilimia 25.

Hesabu hii hutegemea daftari la wanunuzi. Ongezeni safu mbili: mnunuzi alipata wapi habari zetu, na je, aliwahi kununua kwetu? Aulizwe siku ile ile anaponunua, kwani baadaye jibu huwa ni la kukisia. Andikeni pia tarehe ya tangazo, maana mnunuzi wa Julai huenda aliletwa na tangazo la Mei. Kwa sababu hiyo, mwezi mmoja wenye hasara hautoshi kulihukumu tangazo.

Taarifa kwa Bodi iwe ya ukurasa mmoja. Ianze na jibu: tumetumia kiasi hiki, tumepata kiasi hiki. Zifuate gharama, kisha pato, kisha ulinganifu na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Kuulinganisha mwezi wa mavuno na mwezi wa kulima hakutatufunza kitu. Baadaye ielezwe sababu ya kupanda au kushuka, na mwisho pendekezo moja ambalo Bodi italiamua. Pato lililokisiwa liandikwe kuwa limekisiwa. Kama ni hasara, iandikwe mstari wa kwanza, kwa kuwa fedha hizo ni za wanachama.