Bibi, Kitukuu na Kikombe cha Maharagwe

Hapa Katwe, Kampala, kuna bibi kutoka Masisi aliyepoteza kumbukumbu. Kitukuu wake wa miaka 7 alikuwa akimuuliza kila siku, "Koko, mimi ni nani?" Bibi alishindwa kujibu, akakasirika, na mtoto akalia.

Siku moja mama wa mtoto alimimina kikombe kimoja cha maharagwe kwenye ungo, akauweka katikati yao. Vidole vya bibi vikaanza vyenyewe kutoa mawe. Kazi ambayo mikono imeifanya miaka mingi mara nyingi hubaki, hata majina yakishapotea.

Sasa wanachambua asubuhi, bibi akiwa hajachoka, redio imezimwa (ndiyo, hata hii yetu). Mtoto hamuulizi maswali. Bibi akimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, mtoto anaitika tu, "Ndiyo, Koko," na kuendelea. Bibi akirudisha mawe kwenye maharagwe, hakosolewi. Mama atachambua tena baadaye.

Lakini mama hukaa karibu nao. Siku nyingine bibi hupeleka punje mdomoni, na maharagwe yasiyopikwa huumiza tumbo, tena punje au jiwe linaweza kumkaba.

Bibi akianza kukunjakunja kitenge chake na kutazama mlango, amechoka. Mama huondoa ungo, hata kama kikombe hakijaisha, na mtoto humletea Koko maji ya kunywa.